Sufuria Iliyozaa

Kisa chenyewe hakimalizi dakika tatu. Abunuwasi anakwenda kwa jirani kuazima sufuria kubwa, ana wageni. Siku ya kuirudisha anaileta, na ndani yake mna kisufuria kidogo. Jirani anauliza hiki nacho cha nini. "Sufuria yako ilikuwa na mimba," anajibiwa, "imezaa kwangu." Jirani anakitazama kisufuria, anamtazama Abunuwasi, anapokea vyote viwili na kuingia ndani. Baada ya siku chache Abunuwasi anakuja kuazima tena, na safari hii anapewa kwa mikono miwili. Siku zinapita, sufuria hairudi. Jirani anaifuata. "Pole sana," anaambiwa, "sufuria yako imekufa." "Tangu lini sufuria ikafa?" "Nilipokwambia imezaa ulisadiki. Nikikwambia imekufa husadiki?"

Waturuki humsimulia Nasredini Hoja katika kisa hikihiki, Waarabu humsimulia Juha, na sisi wa pwani tumempa Abunuwasi. Mhusika huyo wa pwani amechukua jina la mtu aliyeishi kweli, Abu Nuwas, mshairi wa Baghdad aliyefariki karibu mwaka 814, zama zilezile za khalifa Harun al-Rashid na mwanawe al-Amin. Mshairi huyo alijulikana kwa mashairi ya kusifu mvinyo, na hakuwa mtu ambaye ungemtafuta akusomeshee mtoto dini. Visa vyetu vingi havimhusu hata kidogo. Ni vya Juha na wajanja wengine vilivyokuja kuning'inizwa kwenye jina lake. Hata hivyo uchaguzi wa jina unasema kitu. Watu waliotaka mwalimu wa hikaya walimpita mcha Mungu, wakaenda kumchukua mlevi.

Kwa kawaida kisa hiki hufungwa kwa maneno matatu: tamaa ni mbaya. Vitabu vya shule hufanya hivyo, na mtoto huandika jibu hilo kwenye daftari na kupata vema. Jibu si la uongo, ila halielezi kwa nini ilibidi mtu adanganye mara mbili na kula sufuria ya mwenzake ili somo hilo lifike. Kama shabaha ilikuwa tamaa, khatibu wa Ijumaa angeimaliza kwa aya moja. Naona kisa hiki kimeundwa kama kesi, na ukikisoma kama ambavyo mwanafunzi wa fikihi, elimu ya sheria ya Kiislamu, angekisoma, unaona kazi hasa aliyopewa mjanja, na kwa nini kadhi hawezi kumfanyia.

Tuanze na mkopo wenyewe. Kuazima chombo ukitumie kisha ukirudishe chenyewe huitwa ariya. Ni tofauti na kukopa fedha au mchele, ambavyo unavitumia vikaisha ukarudisha mfano wake. Huo ndio mkopo ambao nyongeza yoyote iliyoshurutishwa inakuwa riba. Sufuria ni ariya. Kwa hiyo anayesema kwamba kisufuria kidogo ni riba amefanya haraka. Hakuna sharti lililowekwa, na chombo chenyewe kimerudi.

Tena, mkopaji kuongeza kwa hiari yake si dhambi. Ipo hadithi mashuhuri ya Mtume aliyekopa ngamia mchanga, na siku ya kulipa akaamuru atolewe ngamia mkubwa na mzuri zaidi, akisema wabora wa watu ni wale walio wazuri zaidi katika kulipa. Basi jirani alikuwa na mlango wa halali ulio wazi mbele yake. Angeuliza, "Ni zawadi?" na Abunuwasi angeitikia, kisufuria kingekuwa chake bila doa.

Hapo ndipo ujanja ulipolala. Abunuwasi hakusema zawadi. Alisema imezaa. Neno hilo lilichaguliwa na mtu anayejua sheria. Ukimwazima mtu mbuzi au punda naye akazaa akiwa kwake, mtoto ni wa nani? Ni wako, kwa sababu mtoto humfuata mama katika milki. Aliyeazima hana haki naye, wala hahitaji kukupa kwa ukarimu, anakurudishia mali yako tu. Kwa neno moja Abunuwasi amegeuza nyongeza kutoka hisani kuwa haki. Jirani hapaswi hata kusema ahsante. Ndiyo maana neno hilo ni tamu kulipokea: kinachopokewa kama zawadi kinakuacha na deni la shukrani, na kinachopokewa kama mtoto wa sufuria yako hakikuachi na deni lolote. Bei yake ni moja tu, kukubali jambo ambalo kila mtu mwenye akili anajua haliwezekani.

Jirani alikubali bila kusema neno. Katika masimulizi mazuri, msimulizi hunyamaza hapa. Hampi jirani maneno mengi, wala hamfanyi mpumbavu. Hili ni muhimu, kwa sababu jirani akichorwa kama zezeta anayeamini kweli kwamba bati huzaa, kisa kimekufa. Mtu anayeamini hana kosa. Kisa kinahitaji mtu anayejua, akaamua kutojua kwa sababu faida iko upande wake. Wasimulizi wengine huongeza safari ya kati: sufuria inaazimwa tena na kuzaa tena, kisha inapoazimwa mara ya tatu ndipo inapokufa. Nyongeza hiyo haiharibu. Inamwondolea jirani kisingizio kwamba mara ya kwanza alishtukizwa.

Sasa sufuria imekufa. Tuipeleke mbele ya kadhi.

Huko Baghdad ya Harun, kadhi mkuu alikuwa Abu Yusuf, mwanafunzi wa Abu Hanifa, aliyefariki mwaka 798. Katika madhehebu yake ya Hanafi, kitu cha ariya ni amana mkononi mwa aliyeazima. Kikiangamia bila uzembe wala kuvuka mipaka, halipi. Punda wa kuazima akifa kifo chake, aliyeazima anatoa pole tu. Kwa hiyo ukikubali sufuria ni kitu kinachozaa na kufa, mbele ya kadhi Mhanafi kisa kinakamilika kila upande: uzao ulikuwa wa mwenyewe, na kifo nacho ni cha mwenyewe. Ipo kanuni ya kisheria inayobeba maana hiyo, kwamba mapato huenda pamoja na dhamana, yaani anayekula faida ya kitu ndiye anayebeba hasara yake. Kanuni hiyo imetoka katika hadithi iliyopokewa na Bi Aisha, na Waturuki wa Dola ya Uthmania walipoiandika sheria yao ya madai katika miaka ya 1869 hadi 1876 waliiweka kuwa kifungu cha 85, na dada yake, kwamba hasara huandamana na faida, kifungu cha 87. Kisa cha sufuria ni vifungu hivyo viwili vilivyovishwa kanzu.

Lakini hikaya ilipovuka bahari ikafika Lamu, Mombasa na Unguja, ilikuta watu wa madhehebu mengine. Waislamu wengi wa pwani ni Washafii. Na kwa Imamu Shafii, aliyefariki mwaka 820, ariya ina dhamana. Ukiazima kitu kikaangamia mikononi mwako, unalipa thamani yake ya siku kilipoangamia, hata kama hukuzembea, isipokuwa kilichochakaa kwa matumizi yaleyale uliyoruhusiwa. Hoja yao kubwa inatoka mwaka 630, kabla ya vita vya Hunayn, Mtume alipoazima nguo za chuma za vita kwa Safwan bin Umayya, ambaye wakati ule hakuwa amesilimu. Safwan akauliza kama ni kunyang'anywa. Akajibiwa kwamba ni ariya yenye dhamana.

Kwa hiyo mbele ya kadhi wa Unguja mwenye kufuata Shafii, Abunuwasi ameshindwa, na ameshindwa mara mbili. Akisema sufuria ni sufuria, kuizuia ni dhuluma, airudishe. Akisema sufuria ni kama punda, ilizaa na sasa imekufa, bado ni ariya, na punda wa ariya akifa analipwa. Jirani angeweza kutoka mahakamani na fedha yake mkononi huku kisufuria kidogo kimebaki nyumbani.

Wazee waliosimulia kisa hiki barazani wengi wao walisoma vyuoni, na mlango wa ariya haukuwa mgeni kwao. Hata hivyo waliendelea kukisimulia na kucheka, na hakuna aliyesimama kusema hukumu imepinda. Sababu naiona katika maneno ya mwisho. Abunuwasi hasemi "sheria iko upande wangu." Hampi jirani hoja ya sheria hata moja. Anamrudishia maneno yake mwenyewe, basi. Jirani ndiye anayesema sufuria haifi, na kwa kusema hivyo anajihukumu, kwa kuwa asiyekubali kifo cha sufuria hakukubali uzazi wake pia, na kama hakuukubali, basi siku ile alipokea kitu akijua si chake. Hakuna shahidi anayeweza kulithibitisha hilo. Kadhi huhukumu kwa kinachoonekana. Anaweza kujua kisufuria kilipokewa, lakini hawezi kujua kilipokewa kwa moyo gani. Nia imefichika, na mtu pekee anayeweza kuitoa nje ni mwenyewe. Hila ya Abunuwasi ni mtego wa kuitoa.

Mtego huo tunaukuta katika maandiko matakatifu yenyewe, tena ukiwekwa na watu ambao hakuna anayewaita matapeli.

Katika Sura Yusuf, Yusuf anataka kumzuia ndugu yake abaki naye Misri. Kikombe cha mfalme kinatiwa kwenye mzigo wa ndugu huyo, kisha mpiga mbiu anawaita wasafiri wezi. Kabla mizigo haijapekuliwa, wale ndugu wanaulizwa: ikiwa mnasema uongo, malipo yake ni nini? Wao wenyewe wanajibu kwamba atakayekutwa nacho, yeye ndiye malipo, atashikwa. Ndipo upekuzi unapoanza, na unaanzia kwenye mizigo ya wengine. Aya ya 76 inasema wazi kwamba kwa sheria ya mfalme Yusuf asingeweza kumchukua ndugu yake, na kwamba mpango huo Mungu ndiye aliyempangia. Tazama mfuatano: kwanza kanuni itamkwe na wale inaowahusu, kisha jambo lifichuliwe. Ukigeuza mpangilio, ukapekua kwanza na kuuliza hukumu baadaye, ndugu wangeomba huruma na wangetaja adhabu nyepesi. Kisa cha sufuria kinafuata utaratibu uleule. Uzazi hutangulia kukubaliwa, kisha kifo hutangazwa. Sufuria ingekufa kwanza, kusingekuwa na somo, ila wizi tu.

Katika Biblia, Tamari mkwewe Yuda ananyimwa haki yake ya kuolewa na ndugu wa marehemu mumewe. Anajifunika uso, anakaa kando ya njia, Yuda anamdhania kahaba, na anamwachia rehani: pete ya muhuri, kamba na fimbo. Miezi mitatu baadaye Yuda anasikia mkwewe ana mimba, anaamuru atolewe ateketezwe. Tamari hampigii kelele. Anapeleka vile vitu vitatu na kumwomba avitambue ni vya nani. Yuda, ambaye hukumu imeshamtoka kinywani, hana pa kwenda, naye anakiri kwamba huyu mwanamke ana haki kuliko yeye. Tamari amevunja mwiko mkubwa, na bado anaondoka akiwa ndiye mwenye haki katika kisa. Mmoja wa pacha waliozaliwa, Peresi, yumo katika ukoo wa Daudi.

Kwa hiyo hila si mgeni katika dini. Suala ambalo wanazuoni wamelisumbukia kwa karne nyingi ni ipi imepita na ipi imekataliwa. Wahanafi waliandika vitabu vizima vya hila za kisheria. Maarufu ni cha al-Khassaf, aliyefariki mwaka 874, kinachoonyesha namna ya kupanga viapo, mauzo na wakfu ili mtu atoke kwenye shida bila kuvunja maneno ya sheria. Zama zizo hizo Bukhari akaweka mlango mzima juu ya hila katika mkusanyo wake wa hadithi, na kwa kuupinga mchezo huo aliufungua mlango wenyewe kwa hadithi ileile inayofungua kitabu chote: kwamba matendo huhesabiwa kwa nia.

Kurani ina mifano ya pande zote mbili. Nabii Ayubu aliapa, na wafasiri wanaeleza kwamba aliapa kumchapa mkewe fimbo 100. Aliambiwa ashike kicha cha vijiti apige nacho mara moja, asivunje kiapo. Maneno ya kiapo yametimia, na mama wa watu hakuumia. Upande wa pili kuna watu wa mji uliokuwa kando ya bahari, waliokatazwa kuvua siku ya Sabato. Samaki walikuwa wakija juu siku hiyohiyo na kupotea siku nyingine. Wafasiri wanasema waliweka nyavu Ijumaa na kuzivuta Jumapili, wakijitetea kwamba Sabato hawakuvua. Waliadhibiwa vikali.

Ukiweka mifano hiyo miwili sambamba, tofauti haimo katika ufundi. Kicha cha Ayubu na nyavu za Ijumaa ni ufundi uleule wa kutimiza maneno na kukwepa tendo. Ibn al-Qayyim wa Dameski, aliyefariki mwaka 1350, aliandika kurasa nyingi sana kuzitenganisha hila, na mzani wake unarudi mahali pamoja: hila inafikisha wapi? Ikimwokoa aliyedhulumiwa au kuifikia haki iliyokwama, ina nafasi. Ikihalalisha kilichoharamishwa au kuangusha haki ya mtu, ni haramu hata kama kila neno limetimia.

Weka kisa cha sufuria kwenye mzani huo, usikionee haya. Abunuwasi alikuwa anamwokoa nani? Hakuna. Haki gani iliyokwama? Hakuna. Ameondoka na sufuria kubwa ya mtu kwa gharama ya kisufuria kidogo. Kwa mzani wa Ibn al-Qayyim, alichofanya hakipiti. Sioni haja ya kumtafutia udhuru, wala ya kumfanya Abunuwasi mtetezi wa maskini kwa kuongeza kwamba jirani alikuwa bahili mkubwa. Wasimulizi wengine hufanya hivyo, na hapo kisa hupoteza meno, maana msikilizaji hujiambia yeye si bahili na kisa hakimhusu. Jirani anatakiwa awe mtu wa kawaida, anayeazima vyombo vyake, anayeswali na wenzake.

Hapa ndipo ninapoona kwa nini mafundisho ya hekima yalimwachia mjanja kiti hiki. Mwalimu mwenye heshima hawezi kukifanya kitendo hicho. Sheikh hawezi kwenda kumtega jirani kwa sufuria ili amfunue nia yake. Angekuwa amedanganya, na amekula mali ya mtu. Nabii hufanya hila pale tu Mungu anapompangia, kama aya ya Yusuf inavyosema. Anabaki mtu ambaye heshima yake imeshakwisha, mlevi wa Baghdad, ambaye akidanganya hakuna anayeiga kwa hoja kwamba Abunuwasi alifanya. Kwa kukosa heshima anaweza kufika mahali ambapo wenye heshima hawawezi. Na kwa kuwa yumo katika hikaya, sufuria iliyoibwa si ya mtu yeyote. Hakuna wa kulipwa fidia. Tunapata ufunuo wa nia bila gharama ya dhuluma.

Wanazuoni wenyewe walilielewa hili na hawakuliona aibu. Orodha ya vitabu aliyoiandika Ibn al-Nadim huko Baghdad katika karne ya kumi inataja tayari kitabu cha visa vya Juha. Ibn al-Jawzi, Mhanbali mkali na mhubiri aliyejaza misikiti ya Baghdad, aliyefariki mwaka 1201, alikusanya kitabu kizima cha habari za wajinga, Juha akiwemo, na akaeleza sababu zake mwanzoni: mwenye akili aijue neema aliyopewa, ajihadhari na visababu vya kughafilika, na moyo upumzike. Mshairi Rumi naye alimwingiza Juha katika utenzi wake mkubwa. Mtoto analia mbele ya jeneza la babake, akisema wanampeleka kwenye nyumba isiyo na taa, mkeka, chakula wala mlango. Juha, naye mtoto, anamgeukia babake: "Baba, wallahi wanampeleka kwetu!" Mzaha unachekesha, kisha Rumi anaugeuza kuwa maelezo ya moyo usioingiwa na nuru. Katika kisa hicho Juha hamdanganyi mtu. Bado kazi ni ileile, kusema kitu ambacho adabu ya msibani ingemziba mdomo mtu mzima.

Si kila kisa cha Abunuwasi kinabeba mzigo huo, na ni vizuri kujua kuvitenganisha. Chukua kile anachojifanya amefiwa. Anakwenda kwa Sultani akilia kwamba mkewe amekufa, anapewa fedha za maziko. Mkewe naye anakwenda kwa mke wa Sultani akilia kwamba Abunuwasi amekufa, naye anapewa zake. Usiku Sultani na mkewe wanabishana nani hasa aliyekufa. Kisa kinachekesha kuliko cha sufuria, na kimesukwa vizuri. Lakini Sultani hakukosa chochote. Alimhurumia mfiwa, akatoa. Hakuna alichokikubali akijua ni uongo, kwa hiyo hakuna cha kufichuliwa ndani yake. Ni burudani, na isimuliwe kama burudani. Mwalimu anayelazimisha funzo hapo ataishia kuwafundisha watoto kwamba wenye huruma ni wajinga.

Kipimo ninachokitumia ni hiki: muulize msikilizaji ni wakati gani aliyetegwa angeweza kutoka salama, na kwa neno gani. Katika kisa cha sufuria jibu lipo na ni fupi. Angesema "sufuria haizai, chukua kisufuria chako," au angeuliza kama ni zawadi. Kisa chenye mlango wa kutokea ambao aliyetegwa aliupita kwa hiari kina cha kufundisha. Kisicho na mlango huo ni utapeli uliochekesha.

Na utapeli halisi unalijua umbo la kisa hiki vizuri kuliko walimu wengi. Mchezo wa upatu unavyoendeshwa, fedha huitwa mbegu, faida huitwa mavuno. Unatoa kiasi kidogo, baada ya wiki chache kinarudi na kitoto chake ndani. Waliopewa mavuno ya kwanza hawaulizi shamba liko wapi. Fedha hiyo kwa kweli imetoka kwenye mfuko wa aliyejiunga baada yao, lakini neno "mavuno," kama neno "imezaa," linawaondolea haja ya kuuliza. Kisha wanatoa kubwa, nayo inakufa. Mpangilio ni uleule hatua kwa hatua: kidogo kirudi na nyongeza, kubwa itolewe kwa mikono miwili, kisha tanzia. Tofauti ni kwamba tapeli huyu ameitoa sufuria nje ya hikaya. Waliofiwa wana majina, na wengine wao hawakujua lolote. Waliletwa na shemeji au jirani wa kanisani, wakaamini kwa kumwamini aliyewaleta. Hao kisa cha Abunuwasi hakiwahusu, na kuwachekea kwacho ni kukitumia vibaya. Kinamhusu yule aliyevuna mara mbili, akakaa kimya, akaenda kuwaalika wenzake.

Wasikilizaji wadogo, kisa kinapokwisha, mara nyingi huuliza swali ambalo watu wazima hulisahau: na kile kisufuria kidogo je? Katika masimulizi ya kawaida hakirudishwi. Jirani anaondoka kwa Abunuwasi akiwa amefumba mdomo, anarudi nyumbani kwake, na kisufuria kipo jikoni kama kilivyoachwa. Akikitumia, anapikia ndani ya ushahidi. Akikirudisha, itabidi aseme kwa nini.